Kisiwa chenye riba sifuri: kwa nini kuongeza fedha peke yake hakukutosha

Kisa hiki nilikiandika kwa ajili ya wanafunzi wangu wa jioni hapa Chake Chake, wengi wao watu wazima wenye kazi zao: makarani wa serikali, walimu wa skuli na dada mmoja anayekaa dirishani kwenye benki. Niliwapa kisiwa cha kubuni kilichoanguka kwenye mtego wa ukwasi, yaani hali ambayo riba imegota sifuri na kuongeza fedha hakusogezi tena pato, nikawataka wakitoe kwa kutumia modeli ya IS-LM, mistari miwili inayokutanisha soko la bidhaa na soko la fedha. Majibu mawili yalitawala. Kundi moja lilisema ongeza fedha hadi bilioni 770. Jengine likasema ongeza matumizi ya serikali kwa bilioni 60 na kazi imekwisha. La kwanza si sahihi hata kidogo. La pili ni sahihi nusu, na hiyo nusu iliyokosekana ndiyo inayonifanya nikiandike kisa chote, kwa sababu hata vitabu vingi vya utangulizi huipita mbio.

Nianze na kisiwa chenyewe. Tarakimu zote ni bilioni za shilingi, isipokuwa riba `i`, ambayo ni asilimia. `Y` ni pato la kisiwa, `G` ni matumizi ya serikali, `T` ni kodi, na `M/P` ni fedha. Bei zimetulia, na kwa sasa kisiwa hakifanyi biashara na nje.

```
C   = 100 + 0.75(Y - T)
I   = 200 - 20i
G   = 200,  T = 200
M/P = 0.5Y - 50i
M/P = 520
```

Mstari wa kwanza ni matumizi ya kaya: kwenye kila shilingi 100 zinazobaki baada ya kodi, 75 hutumika. Wa pili ni uwekezaji, na kila riba ikipanda asilimia moja, bilioni 20 za miradi huahirishwa. Wa nne ni mahitaji ya fedha taslimu: watu huweka fedha mkononi kwa ajili ya manunuzi, yaani nusu ya pato, na hupunguza kiasi hicho riba inapopanda kwa sababu dhamana za serikali zinalipa na noti hailipi.

Ukijumlisha matumizi, uwekezaji na serikali unapata mstari wa IS, unaoonyesha pato linalolingana na matumizi yote kwenye kila riba: `Y = 1400 - 80i`. Fedha 520 zinakupa mstari wa LM, ambapo mahitaji ya fedha yanalingana na fedha zilizopo: `Y = 1040 + 100i`. Vinakutana riba ikiwa asilimia 2 na pato likiwa 1240. Tuchukulie kwamba 1240 ndilo pato ambalo kila anayetaka kazi anaipata. Kaya zinatumia 880, wawekezaji 160, serikali 200. Kisiwa kimetulia.

Kisha wawekezaji wakaingiwa na khofu. Sababu si muhimu kwenye modeli. Chukulia bei za nyumba na viwanja zimeporomoka na kila aliyekopa anataka kulipa deni kabla ya kujenga tena. Uwekezaji unapungua kwa bilioni 100 kwenye kila kiwango cha riba, unakuwa `I = 100 - 20i`. Katika kisiwa hiki shilingi moja ya matumizi mapya huzaa nne za pato, kwa kuwa robo tu ya kila shilingi ndiyo inayowekwa akiba. Kwa hiyo IS inarudi kushoto kwa 400: `Y = 1000 - 80i`.

Hapa ndipo mwanafunzi anapotakiwa kusimama. Ukizikutanisha IS mpya na LM ya zamani kwa hesabu tupu, unapata riba ya asilimia hasi 0.22 na pato la karibu 1018. Wengi waliandika hivyo na wakaendelea. Alama hiyo ya kutoa mbele ya riba ndiyo kengele ya kisa kizima. Hakuna mtu atakayenunua dhamana ya serikali kwa 100 ili arudishiwe pungufu ya 100 wakati noti iliyomo sandukuni haimpunguzii kitu. Benki kuu ya Ulaya mwaka 2014 na ya Japani mwaka 2016 ziliwahi kushusha riba zao kidogo chini ya sifuri, kwa sababu kulinda na kusafirisha lundo la noti kuna gharama yake. Lakini ni kidogo tu. Sakafu ipo, na kwenye kisiwa chetu tunaiweka kwenye sifuri.

Kwa hiyo pato si 1018. Riba ikigota sifuri, IS inatuambia pato ni 1000. Kaya zinatumia 700, wawekezaji 100, serikali 200. Kwa pato hilo, manunuzi yanahitaji fedha 500 tu, lakini fedha zilizopo ni 520. Zile 20 zimekaa. Hazina pa kwenda, na hakuna anayejali kuzishika kwa kuwa kushika noti na kushika dhamana isiyolipa riba ni mamoja.

Kabla ya kuendelea, angalia kitu ambacho wanaoukashifu upande wa fedha hukisahau. Riba ilishuka kutoka 2 hadi 0, na kushuka huko kuliokoa bilioni 40 za uwekezaji, ambazo kwa kuzaa mara nne ni 160 za pato. Riba ingebaki asilimia 2, pato lingeporomoka hadi 840. Fedha ilifanya kazi yake vizuri mpaka pale ilipogota sakafu. Mtego unaanza hapo, na kabla ya hapo haupo.

Sasa tulitazame jibu la kwanza, la 770. Limetokea wapi? Mwanafunzi aliuliza: ili pato lirudi 1240, riba iwe ngapi? IS inajibu: asilimia hasi 3. Kisha akauliza: fedha ziwe ngapi ili riba iwe hasi 3 kwenye pato la 1240? LM ikajibu: 770. Hesabu haina kosa hata moja. Kosa ni kwamba ametumia mlinganyo wa mahitaji ya fedha mahali ambapo mlinganyo huo umeshakufa. Chini ya sifuri hakuna tena `0.5Y - 50i`. Kwenye sifuri yenyewe, watu wako tayari kushika fedha kiasi chochote kinachozidi nusu ya pato. Ukichora, LM si mstari mmoja unaopanda. Ni mstari uliolala chini kabisa kwenye riba sifuri, ukifika pato fulani ndipo unapoanza kupanda.

Dada wa benki hakuridhika. “Maalim,” aliniambia, “Benki Kuu ikinunua dhamana za bilioni 250, hizo fedha si zinaingia kwenye mabenki? Na benki ikiwa na fedha si itakopesha?”

Nilimwambia: “Mwanangu, benki imeuza nini ili izipate?”

Imeuza dhamana. Na dhamana ile ilikuwa inalipa sifuri. Imepokea akiba kwenye akaunti yake ya Benki Kuu, nayo akiba hiyo inalipa sifuri. Ni kama kupeleka noti ya 10,000 dukani ukachenjiwa noti mbili za 5,000: mkoba umebadilika sura, uwezo wako wa kununua haujabadilika. Siku za kawaida mabadilishano yale yana nguvu kwa sababu dhamana inalipa na fedha hailipi. Benki inayopewa fedha nyingi kuliko inavyotaka huharakisha kuzitafutia riba, bei za dhamana zinapanda, riba inashuka, na mwenye hoteli aliyekuwa anasitasita anaona mkopo sasa unamlipa. Mnyororo wote unaanza na tofauti ile ya malipo. Kwenye sifuri tofauti imetoweka, basi hakuna anayeharakisha.

Akauliza tena swali zuri zaidi: vipi kuhusu mkopo wa mteja, ambao haulipi sifuri? Ni kweli, mkopo unalipa zaidi. Lakini kinachoizuia benki kumkopesha mtu mwezi huu si uhaba wa akiba, kwa sababu akiba ilikuwepo tayari, zile 20 zilizokaa. Kinachoizuia ni kwamba mteja mwema hataki kukopa kwa kuwa haoni wateja wa kwake, na anayetaka kukopa haaminiki kulipa. Kuongeza akiba juu ya akiba ambayo haikutumika hakugusi sababu hizo hata moja. Kwa hiyo fedha ziwe 520, 620 au 770, pato ni 1000 na kinachobadilika ni lundo lililokaa tu: 20, kisha 120, kisha 270.

Modeli hii ina asili yake. Mchumi wa Kiingereza John Maynard Keynes alitaja uwezekano wa hali hiyo katika kitabu chake cha 1936, na mwaka uliofuata mwenzake John Hicks ndiye aliyeichora kwa mistari miwili tunayoitumia hadi leo, akionyesha ile sehemu iliyolala. Kwa miaka mingi ilisomeshwa kama jambo la historia. Kisha ikaja Japani.

Benki Kuu ya Japani ilishusha riba ya mikopo ya siku moja baina ya mabenki hadi karibu sifuri Februari 1999. Ilipandisha kidogo mwaka 2000, ikajuta, na Machi 2001 ikaanza kitu kipya: badala ya kulenga riba, ikalenga kiasi cha akiba za mabenki kwenye akaunti zake. Lengo lilianza na yeni trilioni 5 na kufikia Januari 2004 lilikuwa trilioni 30 hadi 35. Kiasi hicho kiliongezeka zaidi ya mara sita kwa muda wa miaka mitatu. Kwa mtu anayeamini kwamba bei hufuata fedha kama kivuli, Japani ilitakiwa iwake moto. Haikuwaka. Mikopo ya mabenki kwa miaka mingi ya kipindi kile iliendelea kupungua, na bei za walaji zilikuwa zikishuka taratibu. Akiba zilikaa pale zilipowekwa. Machi 2006 benki ikaufunga mpango huo na kuziondoa akiba hizo ndani ya muda mfupi, na mikopo haikuporomoka. Jambo hilo la mwisho linanishawishi kuliko yote: kitu kinachoweza kuondolewa kwa wingi namna hiyo bila mtu kukipigia kelele hakikuwa kinabeba mzigo.

Sasa jibu la pili, na hapa naomba msomaji awe mvumilivu kwa sababu ndipo palipo na utamu.

Serikali ikiongeza matumizi kwa bilioni 60 bila kupandisha kodi, IS inasogea kulia kwa 240: `Y = 1240 - 80i`. Serikali haimsubiri mtu avutiwe na riba. Inalipa mafundi, inanunua saruji, na mishahara ile inatumika dukani, na mwenye duka naye anatumia. Kama riba itabaki sifuri, pato litakuwa 1240. Ndivyo walivyoandika wanafunzi wengi: zile 60 mara nne, jibu limetoka, kalamu chini.

Lakini nani amesema riba itabaki sifuri? LM imelala mpaka pato gani? Fedha ni 520, na manunuzi huhitaji nusu ya pato. Fedha zile 20 zilizokaa zinatosha kuhudumia pato jipya la 40 tu. Ukifika 1040, hakuna tena fedha iliyokaa, na kuanzia hapo LM inapanda. Bilioni 10 za mwanzo za matumizi ya serikali zinazaa mara nne kamili. Bilioni 50 zinazofuata zinazaa kama mara mbili na kidogo, kwa kuwa kila pato linapopanda watu wanagombania fedha za manunuzi, wanauza dhamana, riba inapanda na wawekezaji wanarudi nyuma. Ukikutanisha IS mpya na `Y = 1040 + 100i`, riba inatoka asilimia 1.11 na pato 1151. Uwekezaji, ambao ulikuwa 100, umeshuka hadi karibu 78. Serikali imewasukuma nje watu wa bilioni 22, na pengo la 89 bado liko wazi.

Kwa hiyo usemi tulioukariri, kwamba ndani ya mtego serikali haiwasukumi nje wawekezaji binafsi, ni kweli kwa urefu wa ile sehemu iliyolala, na si zaidi ya hapo. Urefu wa sehemu hiyo unaamuliwa na nani? Na kiasi cha fedha. Fedha zikiwa 520, LM inalala hadi 1040. Zikiwa 620, inalala hadi 1240, pale pale tunapotaka kufika.

Hapa ndipo fedha inaporudi kwa heshima. Peke yake, kutoka 520 hadi 620, haikusogeza pato hata shilingi moja. Ikifuatana na zile 60 za serikali, riba inabaki sifuri njia nzima na pato linafika 1240. Kaya zinatumia 880, wawekezaji wanabaki na 100 zao bila kusukumwa, serikali 260. Na wala si lazima Benki Kuu iongeze fedha siku ile ile; inatosha kwamba zipo kabla uhaba haujaanza kubana.

Mmoja wa walimu wa skuli aliuliza kama serikali haiwezi kuifanya kazi yote bila Benki Kuu. Inaweza. Ikiongeza matumizi kwa 100 badala ya 60, na fedha zikabaki 520, pato linafika 1240. Lakini riba imerudi asilimia 2 na uwekezaji umeshuka hadi 60. Pato ni lile lile, ila kisiwa kimebeba deni la ziada la 40 na kimejenga pungufu ya 40. Ukiniuliza ni lipi, sioni hoja ya kuchagua njia hii, labda pale ambapo serikali haina sauti kabisa juu ya fedha. Hilo nitalirudia.

Namna ya kutumia nayo ina uzito. Ikiwa serikali inaogopa deni na inapandisha kodi sawa na matumizi, kisiwa hiki kinahitaji ongezeko la 240, si 60, kwa kuwa mkono mmoja unatoa kile mwengine unachokusanya. Ikiwa inapendelea kupunguza kodi bila kuongeza matumizi, inahitaji kupunguza 80, kwa kuwa robo ya nafuu ya kodi huwekwa akiba kabla haijafika dukani. Na kwenye hali ya khofu huenda ikawa zaidi ya robo. Mtu mwenye deni akipunguziwa kodi hulipa deni. Ndiyo maana mimi huegemea kwenye matumizi ya moja kwa moja, hasa ya matengenezo ambayo michoro na mafundi wake wako tayari, kwa sababu mradi unaochukua miaka mitatu kuanza utakuja kumwaga saruji siku wawekezaji wamesharudi. Wakirudi kweli, serikali ipunguze zile 60 na Benki Kuu ivute zile 100, la sivyo zitaanza kusukuma bei.

Kuna njia moja ambayo fedha inaweza kuuvunja mtego wenyewe, na sitaki kuificha. Anayewekeza haangalii riba ya kwenye karatasi tu, anaangalia riba ukitoa kupanda kwa bei anakokutarajia. Kisiwa chetu kinahitaji riba halisi ya hasi 3. Kama watu wangeamini kwamba bei zitapanda asilimia 3 kwa mwaka, riba sifuri ingekuwa hasi 3 halisi, na pato lingerudi bila serikali kutumia shilingi, mradi fedha ziwe 620 ili riba ibaki sifuri. Mchumi wa Kimarekani Paul Krugman aliijenga hoja hii mwaka 1998 akiizungumzia Japani. Ugumu wake ni kuaminiwa. Kinachohitajika ni watu waamini kwamba fedha zilizoongezwa hazitavutwa pindi hali ikitengemaa, na benki kuu iliyotumia miaka ikijijengea jina la kupambana na mfumuko wa bei ndiyo isiyoaminika inapoahidi kuuruhusu. Na wakati bei zinashuka, kama kule Japani, mambo yanageuka: riba sifuri inakuwa riba halisi iliyo juu ya sifuri, na mtego unajichimba wenyewe.

Sasa twende nyumbani, kwa sababu nusu ya darasa walikuwa na hamu ya kuubandika mtego huu kwenye mwaka 2020. Nawaelewa. Watalii waliofika Zanzibar mwaka 2019 walizidi 500,000, na mwaka uliofuata walikuwa takriban nusu ya hao. Hoteli za Nungwi na Paje zilifungwa, vijana wa Pemba waliokuwa wakifanya kazi huko wakarudi makwao. Mwezi wa Mei Benki Kuu ya Tanzania ikalegeza: kiwango cha amana ambacho mabenki hulazimika kuweka kwake kikashushwa kutoka asilimia 7 hadi 6, na riba yake ya kukopesha mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5. Na bado mwenye hoteli hakukopa. Dada wa benki alisema aliyaona haya kwa macho yake: “Fedha zilikuwepo, Maalim. Watu ndio hawakuwepo.”

Lakini ule haukuwa mtego wa ukwasi. Kipimo si kama watu wanakopa au hawakopi. Kipimo ni riba ya dhamana za serikali za muda mfupi, ile isiyo na hatari ya kutolipwa. Kama imegota sifuri, fedha na dhamana zimekuwa kitu kimoja na mlango umefungwa. Nchini kwetu dhamana hizo zilikuwa bado zinalipa asilimia kadhaa, na mikopo ya kawaida ya mabenki ilikuwa juu ya asilimia 15. Benki Kuu ilikuwa na nafasi ya kushuka. Kilichotokea ni kwamba IS ilirudi nyuma kwa nguvu kwa sababu mapato ya utalii yalikatika, na uwekezaji wa hoteli kwa muda ule haukusikia riba: kwenye milinganyo yetu ile 20 mbele ya `i` ilikaribia sifuri. IS inakuwa wima. Matokeo yanafanana kwa macho, fedha haisogezi pato, lakini ugonjwa ni mwengine. Ukitaka kuyatofautisha, usiuangalie mstari wa mikopo, angalia matokeo ya mnada wa dhamana za serikali. Tofauti hiyo ina maana kwenye tiba pia: IS ikiwa wima, LM ikipanda haimuumizi mwekezaji ambaye hasikii riba, basi matumizi ya serikali hayahitaji kusindikizwa na fedha kama kisiwani kwetu.

Na kuna mambo mawili yanayoifanya Zanzibar isifanane na kisiwa cha karatasi hata kama mtego ungekuja kweli. Kwanza, sarafu na benki kuu ni mambo ya Muungano. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ina bajeti yake, lakini zile 520 haziamui. Iko karibu na yule anayelazimika kutumia 100 mahali ambapo 60 zingetosha, isipokuwa kwamba uchumi wake ni sehemu ndogo ya uchumi unaotumia shilingi, kwa hiyo matumizi yake hayatoshi kuibana LM ya nchi nzima. Kwa nafsi yake, Zanzibar huiona riba kama imepangwa nje, LM iliyolala wakati wote kwa kimo chochote ilichopangiwa. Hiyo ni habari njema kwa bajeti.

Habari isiyo njema ni uvujaji. Mchele, mafuta, saruji na vigae vingi vinapita bandarini vikitoka nje ya visiwa. Weka kwenye modeli kwamba robo ya kila shilingi ya pato inatumika kununua vitu vya nje, na uzazi wa mara nne unashuka hadi mara mbili. Zile 60 zinaleta 120, si 240. Nyengine zimempa kazi mtu wa Dar es Salaam, wa Pakistani au wa China. Kwa hiyo kwa kisiwa kama chetu swali la bajeti ya kuinua uchumi si kiasi gani tu, ni kimenunuliwa nini. Bilioni moja ya kulipa wafagiaji wa mifereji, wachonga mawe wa Mji Mkongwe na wapanda miche ya mikarafuu huzunguka zaidi ndani kuliko bilioni moja ya kununua mitambo, kwa sababu ya kwanza karibu yote ni ujira, na ujira huanza safari yake sokoni hapa hapa ndipo uvuje.

Darasa la wiki ijayo nimewapa hesabu hiyo waifanye wenyewe: kisiwa kile kile, khofu ile ile ya 100, lakini robo ya pato ikivuja nje. Watagundua kwamba na msukosuko wenyewe unakuwa mdogo, IS inarudi nyuma kwa 200 badala ya 400, kwa kuwa sehemu ya anguko nayo imevujia kwa wengine.